Nati Haizuii Maji: Urefu, Wosha na Mkazo Katika Kufunga Fleksibo

Chini ya mabeseni mengi ya kunawia kuna kopo au kitambaa kilichokunjwa, kimewekwa hapo kukinga tone linalotoka kwenye nati ya fleksibo. Fundi aliitwa, akaja na spana, akakaza zaidi, na tone likakoma. Baada ya wiki mbili tatu likarudi, na sasa linatoka kwa kasi kuliko mwanzo. Mwenye nyumba anasema fundi hakukaza vya kutosha. Fundi anasema fleksibo za siku hizi ni feki. Mara nyingi wote wawili hawajaigusa sababu: nati ilikazwa kupita kiasi tangu siku ya kwanza, na kila aliyerudi na spana aliongeza uharibifu uleule.

Fleksibo ninayoizungumzia ni ile paipu fupi inayopindika, yenye raba ndani na wavu wa waya nje, inayochukua maji kwenye engo valvu ya ukutani na kuyapeleka kwenye koki ya beseni, koki ya sinki au tangi la choo. Bei yake ni ndogo na kuifunga hakuchukui muda. Lakini ndani ya nati yake mambo matatu hukutana: wosha inayoziba, urefu wa paipu unaoamua kama wosha itakaa sawasawa, na mkazo unaoamua kama wosha itadumu. Nayachambua pamoja kwa sababu kosa la moja hujionyesha kama kosa la jingine. Paipu fupi ikivuta nati upande, tone litatoka kwenye nati, na mtu atakimbilia spana wakati dawa ilikuwa paipu ndefu zaidi.

Kinachoziba ni wosha

Fungua nati ya fleksibo ya nusu inchi uitazame ndani. Pembeni utaona meno ya nati, na katikati kijibomba chembamba, mara nyingi cha brasi, chenye ukingo bapa. Juu ya ukingo huo imelala wosha, kwa kawaida ya raba nyeusi. Nati yenyewe haikushikamana na kijibomba. Inazunguka peke yake, na kazi yake ni kuuvuta ule ukingo uelekee mdomo wa engo valvu au mguu wa koki. Wosha hubanwa katikati ya nyuso mbili bapa, na hapo ndipo maji yanapozuiwa.

Meno ya nati hii hayahusiki na kuziba. Fiti za maji tunazotumia Afrika Mashariki kwa kawaida hufuata kipimo cha BSP, na kipimo hicho kina meno ya namna mbili. Kuna meno ya mshazari, ambayo kipenyo chake hupungua kuelekea ncha, kama ya fiti nyingi zinazoingia ukutani. Hayo hubanana yenyewe kwa yenyewe kadiri yanavyoingia, na thredi tepu hujaza nafasi ndogo zinazobaki. Kisha kuna meno yaliyonyooka, yenye kipenyo kimoja toka mwanzo hadi mwisho, na nati ya fleksibo ni ya namna hii. Meno yaliyonyooka huacha nafasi kati yake siku zote, hata ukayakaza vipi.

Ndiyo maana thredi tepu kwenye nati ya fleksibo haisaidii, na mara nyingine inadhuru. Tepu nene hufanya nati iwe nzito kuzunguka kabla wosha haijabanwa. Mkono unahisi ugumu, fundi anaamini amemaliza, kumbe wosha bado iko huru. Maji yakifunguliwa, yanapita.

Muundo huo unaeleza pia tone linatokea wapi. Wosha ikishindwa, maji huingia kwenye nafasi za meno na kutokea mdomoni mwa nati, au hurudi nyuma na kutokea shingoni, pale paipu inapoingia kwenye nati, kwa kuwa nati iko huru kwenye kijibomba chake. Anayeona maji shingoni huapa kwamba paipu imetoboka, akanunua nyingine, akaifunga kwa mkazo uleule. Tatizo linahamia kwenye paipu mpya.

Hesabu ya robo mzunguko

Meno ya nusu inchi ya BSP ni 14 katika kila inchi moja. Maana yake nati ikizunguka mara moja kamili inasogea mbele kwa milimita 1.8. Nusu mzunguko ni milimita 0.9, na robo mzunguko haifiki nusu milimita.

Sasa chukua wosha ya raba yenye unene wa milimita 2, kipimo cha kawaida kabisa. Tuseme imeshagusa pande zote mbili. Robo mzunguko itaibana kwa takriban asilimia 23 ya unene wake. Nusu mzunguko itaibana kwa asilimia 45. Mzunguko mzima ungetaka kuibana kwa asilimia 90, yaani milimita 2 za raba zibaki 0.2. Raba haikubali hivyo. Raba ikibanwa haipungui ujazo. Hukimbilia pembeni palipo na nafasi, na ikikosa pa kukimbilia huchanika.

Raba ya kuzibia hufanya kazi yake vizuri ikibanwa kwa kiasi cha robo ya unene wake. Ikibanwa pungufu mno, haijai kwenye mikwaruzo midogo ya uso wa brasi, na maji hupata njia. Ikibanwa kupita kiasi, hupoteza tabia yake ya kusukuma kurudi, na tabia hiyo ndiyo inayoziba. Kwa hiyo toka wosha inayovuja kwa ulegevu hadi wosha iliyopondwa, umbali ni mdogo kuliko mzunguko mmoja wa nati, na spana huumaliza kwa mivuto michache bila mkono kuchoka.

Tuitazame pia nguvu. Maji yenyewe husukuma kidogo kuliko watu wanavyodhani. Tangi likiwa mita 6 juu ya koki, maji yanasukuma kwa kilo 0.6 hivi katika kila sentimita ya mraba. Duara ambalo wosha ya nusu inchi inaliziba lina eneo la chini kidogo ya sentimita 2 za mraba. Kwa hiyo maji yote yanajaribu kuitenganisha nati na koki kwa nguvu ya kilo moja hivi. Kwenye maji ya mtandao wa mji yenye presha mara tano ya hiyo, ni kilo 5 hivi.

Upande wa pili, mkono wa mtu mzima ukikaza nati hiyo kwa vidole tu, bila spana, kwa makadirio huibana wosha kwa kilo 40 hadi 50. Tayari hiyo ni karibu mara kumi ya nguvu ya maji ya mtandao. Spana ya inchi 10 ikivutwa nchani kwa kilo 20, mvuto ambao fundi yeyote huutoa bila kujitutumua, huibana wosha hiyohiyo kwa zaidi ya tani moja. Hakuna sababu ndani ya paipu inayodai tani moja. Nguvu yote ya ziada inaishia kuponda raba, kupasua nati au kupinda paipu.

Nati ikizidiwa

Ishike mkononi wosha iliyotolewa kwenye nati iliyokazwa kupita kiasi. Upande mmoja ina mfereji wa duara, mkali, uliochorwa na ukuta mwembamba wa mguu wa koki. Ukiikunja, mfereji unafunguka na unaona raba imekatika nusu ya unene. Ukingo wa ndani umejitokeza kama mdomo kuelekea katikati ya tundu, na pengine kipande chake kimechanika na kuondoka na maji. Ukikitafuta utakikuta kwenye chujio la ncha ya koki. Ukingo wa nje umeingia kwenye meno ya nati ukawa na mikunjo. Wosha hiyo haitaziba tena hata ikirudishwa kwa upole namna gani.

Swali la haki ni hili: mbona nati ikiongezwa kukazwa tone hukoma? Hukoma kwa sababu raba iliyobaki inasukumwa ikajaze ule mfereji. Lakini raba iliyobanwa mno hulegea taratibu, saa hadi saa, siku hadi siku, hasa kwenye upande wa maji ya moto. Msukumo wake unapungua, brasi inatanuka na kusinyaa kila maji ya moto yanapopita na kupoa, na tone linarudi. Kila mara spana inapoongezwa, raba inayobaki ni nyembamba zaidi, mpaka chuma kinagusa chuma. Hapo hakuna mkazo utakaosaidia, maana brasi juu ya brasi isiyochongwa kwa kazi hiyo haizibi.

Madhara ya pili ni kwa paipu. Wosha ikishabanwa sana, inakishika kijibomba, na nati ikizidi kuzunguka inakizungusha pamoja na paipu yake. Utaona wavu wa waya umejisokota, mistari yake imelala upande badala ya kwenda sambamba na paipu. Paipu iliyosokotwa inataka kujinyoosha wakati wote, nayo inaisukuma nati yake ilegee au inaisumbua wosha kila koki inapofungwa kwa ghafla na maji kugonga. Anayekaza upande mmoja kupita kiasi huweza kuleta tone upande wa pili wa paipu hiyohiyo.

Madhara ya tatu ndiyo ya hatari kuliko yote: nati kupasuka. Ukuta wa nati hizi ni mwembamba, hasa pale meno yanapoishia. Nati ya plastiki, kama zile zinazokuja na fleksibo nyingi za tangi la choo, haipasuki siku ileile. Plastiki iliyolemewa huanza ufa mdogo kwenye kona ya meno, na ufa huo unatembea polepole kwa miezi au miaka. Siku inapoachia, haitoi tone. Inaachia maji yote. Nati za aloi nyepesi zilizopakwa rangi ya fedha hukatika kwa namna hiyohiyo. Presha ya mtandao wa maji hupanda usiku watu wanapofunga koki zao, ndiyo maana haishangazi mtu kuamka akute sebule imejaa maji wakati jana jioni palikuwa pakavu.

Wosha ipi kwa mdomo upi

Kipimo cha kwanza ni kipenyo. Nusu inchi katika BSP ni jina tu la saizi. Usitarajie kupata nusu inchi ukipima kwa rula. Meno ya nje ya nusu inchi yana upana wa karibu milimita 21, na ya robo tatu yana milimita 26 na kitu. Wosha ya nusu inchi ina upana wa milimita 18 hivi, ili ipite ndani ya meno ya nati bila kukwama. Ikiwa ndogo zaidi, hukaa upande mmoja na kuacha nusu ya mdomo wazi. Ikiwa kubwa, hukunjamana kwenye meno na hailali bapa.

Tundu la katikati nalo lina maana. Likiwa jembamba kuliko kijibomba, raba inaingia kwenye njia ya maji, na koki inatoa maji kidogo hata kama tangi limejaa. Likiwa pana mno, raba inayobaki kubanwa ni pete nyembamba isiyoweza kuvumilia hata robo mzunguko.

Kwa nyumba nyingi raba nyeusi inayostahimili joto ndiyo inayofaa, nayo ndiyo inayokuja ndani ya fleksibo nzuri. Ukiibonyeza kwa kucha inabonyea na kurudi. Ikibaki na alama ya kucha, au ukiivuta inapasuka ukingoni, irudishe dukani. Wosha ya nyuzi zilizoshindiliwa, ile ya rangi nyekundu au kahawia inayofanana na karatasi ngumu, ina tabia tofauti. Haibonyei kama raba, lakini huvimba kidogo ikilowa na hapo ndipo inapoziba. Kwa sababu hiyo inaweza kutoa jasho dakika za mwanzo kisha ikakauka yenyewe, na anayewahi kuikaza anaiponda bure. Hutumika mara moja tu. Ukifungua nati, weka mpya. Inafaa zaidi pale mdomo wa vali ulipo mwembamba na mkali, kwa kuwa haikatwi upesi kama raba laini.

Wosha ya plastiki ngumu inahitaji nyuso mbili laini kabisa, jambo ambalo koki za kawaida hazina. Na wosha iliyokatwa kwenye mpira wa baiskeli au pikipiki, ingawa inaokoa usiku mmoja, haikatiki kwa unene na duara lililo sawa, na mpira wake haukutengenezwa kukaa kwenye maji ya kunywa. Ibadilishe mara duka linapofunguliwa.

Kosa moja linalopita bila kuonekana ni wosha mbili kulala pamoja. Fleksibo ya zamani inapotolewa, wosha yake huweza kubaki imeganda mdomoni mwa koki, nyeusi ndani ya giza la chini ya beseni. Mpya inakuja na yake, zinapandana, zinateleza, na tone linatoka hata nati ikikazwa kwa kipimo. Kabla ya kufunga, pitisha kidole mdomoni mwa koki au mulika kwa tochi ya simu. Uso unaotakiwa ni wa brasi tupu, bapa, usio na chokaa wala mabaki ya raba. Ukiwa na chokaa, uisugue kwa kitambaa chenye siki. Usiukwangue kwa bisibisi, kwa sababu mkwaruzo mmoja unaokatiza toka ndani hadi nje ni njia ya maji isiyozibwa na wosha yoyote.

Jambo la mwisho hapa ni la koki za kisasa za mkono mmoja. Upande wa koki, fleksibo zake hazina nati kubwa wala wosha bapa. Zina ncha nyembamba yenye meno ya milimita 10 na kipete cha raba cha mviringo. Kipete hicho huziba kwa kuingia kwenye tundu lake, na kukaza zaidi hakukiongezei chochote. Ncha hizo hufungwa kwa vidole tu. Anayetia spana hapo hukata kipete, au hukata ncha yenyewe ikabaki ndani ya koki.

Urefu: pima njia, acha kupima pengo

Dukani fleksibo huuzwa kwa urefu wa inchi 12, 16, 18, 24 na kuendelea, yaani sentimita 30, 40, 45 na 60 hivi, toka ncha hadi ncha. Makosa mengi huanza pale mtu anaposhika rula, akapima toka vali hadi koki kwa mstari ulionyooka, akanunua urefu unaokaribiana. Paipu haipiti kwenye mstari huo. Inatoka kwenye vali ikielekea kule mdomo wa vali unakoelekea, na inaingia kwenye koki toka chini. Katikati lazima ikunje.

Sheria mbili zinatosha. Kwanza, iache paipu inyooke kwa sentimita 3 hivi toka kwenye pete ya chuma iliyobana mwisho wake, kabla haijaanza kukunja. Pale raba inapoishia ndani ya pete ndipo penye udhaifu, na mkunjo unaoanzia hapo huivunja raba na kuivuta nati upande. Pili, mkunjo uwe mpana. Kama pakiti haikutaja kipimo, usiikunje paipu kwa duara lenye nusu kipenyo chini ya sentimita 5 au 6 kwa fleksibo ya kawaida ya nusu inchi.

Tuchukue beseni moja tulipigie hesabu. Mdomo wa engo valvu uko sentimita 55 toka sakafuni na unaangalia juu. Ncha ya mguu wa koki iko sentimita 75 toka sakafuni, na iko sentimita 12 pembeni ya vali. Kwa rula, pengo ni sentimita 23. Sasa toa sentimita 3 za kunyooka kila upande. Zinabaki sentimita 14 za kupanda, ambazo ndani yake paipu lazima ihame sentimita 12 pembeni kwa mikunjo miwili, mmoja kwenda na mmoja kurudi. Mikunjo hiyo inakuwa na nusu kipenyo cha sentimita 7 na inatumia paipu ya sentimita 20. Ongeza zile 6, unapata 26. Paipu ya inchi 12, yenye sentimita 30, inatosha na inabaki na nafasi kidogo. Ya inchi 24 ingelazimika kupigwa kitanzi chini ya beseni, igusane na ukuta na kusuguana nao.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: fundi aliyejenga alifunga engo valvu mdomo ukiangalia chini. Urefu wa pengo ni uleule, 23. Lakini paipu lazima ishuke sentimita 3 toka kwenye vali, igeuke nusu duara lenye upana wa sentimita 12, ambalo peke yake ni karibu sentimita 19 za paipu, kisha ipande sentimita 23 hadi kwenye koki. Jumla ni 45. Paipu ya inchi 12 haifiki kabisa. Ya inchi 16 inafika kwa kulazimishwa, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inadanganya kwamba imefaa. Ya inchi 18 inatosha bila akiba yoyote. Hapo nunua inayofuata juu yake. Beseni ni lile lile na pengo ni lile lile, lakini urefu unaohitajika umekaribia kuwa maradufu kwa sababu ya uelekeo wa mdomo. Njia rahisi ya kupata jibu bila hesabu ni kupitisha kipande cha waya laini kwenye njia ambayo paipu itapita, kwa mikunjo yake, kisha kukinyoosha na kukipima.

Paipu fupi inapolazimishwa, ukingo wa kijibomba hauketi bapa. Wosha inabanwa sana upande mmoja na kidogo upande wa pili. Tone linatoka upande uliolegea, fundi anakaza, upande uliobanwa unapondeka, na ule uliolegea bado haujafika. Mkazo hauwezi kusawazisha kilichopindishwa na urefu. Ukiona nati haianzi kuingia kwenye meno mpaka paipu isukumwe kwa mkono, simama hapohapo na ubadilishe paipu. Na usiunganishe fleksibo fupi mbili kwa kiungio. Umeongeza wosha mbili za kuvuja mahali ambapo paipu moja ndefu ingekuwa na mbili tu kwa jumla.

Namna ya kufunga, na namna ya kulisoma tone

Funga vali, kisha fungua koki ili presha iliyobaki itoke. Hakikisha wosha ni moja, imelala bapa na haijakunjwa. Anzisha nati kwa vidole. Mizunguko mitatu ya mwanzo inapaswa kwenda bila ugumu wowote. Ugumu ukija mapema, nati imeingia mshazari na itayala meno, kwa hiyo irudishe nyuma na uanze upya. Endelea kwa vidole mpaka ikome. Sasa shika paipu kwa mkono mmoja isizunguke, na kwa mkono wa pili ongeza robo mzunguko kwa spana fupi. Nati ya plastiki isiguswe na spana. Weka alama ya kalamu kwenye nati na kwenye mguu wa koki, ili baadaye ujue kama nati imesogea au la.

Fungua maji taratibu. Kausha kila kitu, kisha zungushia karatasi ya chooni juu ya nati na shingoni. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho halioni. Iache dakika kumi, na uitazame tena asubuhi, baada ya presha ya usiku.

Karatasi ikilowa, usiikimbilie spana kabla hujajua maji yanatoka wapi. Maji huteremka, kwa hiyo tone linaloning'inia chini ya nati linaweza kuwa limeanzia juu kabisa, kwenye shina la koki. Kausha tena na uangalie unyevu wa kwanza unapotokea. Ukitokea mdomoni mwa nati au shingoni, wosha haijaziba. Ukitokea ubavuni mwa nati kama mstari mwembamba, nati imepasuka na fleksibo imekwisha. Ukitokea kwenye pete ya chuma au katikati ya wavu, raba ya ndani imetoboka, na hapo pia hakuna la kukaza. Wavu wenye vijidoa vya kutu au nyuzi zilizokatika unatoa onyo hilohilo mapema; mara nyingi chanzo ni dawa za kung'arishia nguo au kusafishia choo zenye klorini, zinazohifadhiwa chini ya sinki na mvuke wake kula waya.

Ikiwa ni wosha, unayo ruhusa ya nyongeza moja, na iwe ndogo: nusu ya ile robo. Mama mwenye nyumba anaposimama mlangoni na kusema, "Fundi, ongeza kidogo, bado linatoa," hapo ndipo ustadi unapopimwa. Fundi anayejua kazi yake atamjibu, "Hapana, mama, naifungua." Kama robo na nusu ya robo hazikuziba, ulegevu siyo tatizo tena. Kuna wosha iliyopinda, kuna ya zamani iliyobaki ndani, kuna uso wenye mkwaruzo, au paipu inavuta upande. Yote hayo yanaonekana nati ikiwa wazi, na hakuna hata moja linaloonekana nati ikiwa imefungwa.

Si kila uvujaji kwenye nati unatokana na kukazwa mno. Zipo nati zenye meno mabovu toka kiwandani, na zipo koki ambazo mdomo wake haukuchongwa bapa. Lakini hata hizo hutambulika kwa kufungua, na hata hizo huzidi kuharibika kwa kukaza. Wosha mpya ni ya shilingi chache na fleksibo yenye urefu sahihi haina tofauti kubwa ya bei na ile fupi. Gharama kubwa huja pale mkono unapojaribu kusahihisha kwa nguvu kosa lililofanywa kwa kipimo.